Kusoma Ubavu wa Tairi kwenye Picha: Namba Zile Zile, Tairi Tofauti

Siku hizi matairi mengi hununuliwa kwa picha. Mwenye gari aliye Malindi hupiga picha ubavu wa tairi lililochakaa, akaituma kwa WhatsApp kwa muuzaji wa Mombasa, wakaelewana bei, na kabla ya jioni tairi limefika kwa basi. Biashara hii inawaokoa wakazi wengi nauli na muda. Tatizo lake ni kwamba kila kitu kinategemea maandishi meusi yaliyochongwa juu ya mpira mweusi, na mara nyingi picha huonyesha nusu tu ya maandishi hayo.

Makala hii inaeleza namna ya kuyasoma yote, kuanzia upana hadi herufi ya mwisho. Tutatumia mfano mmoja ambao wenye matatu wengi wataufahamu: tairi la Toyota Hiace ya abiria 14. Kwenye magari mengi ya aina hii yaliyotoka Japani, ubavuni pameandikwa hivi:

195/80R15 107/105N LT

Sasa tuseme mwenye matatu anamtumia muuzaji picha iliyokatika baada ya R15. Muuzaji anajibu, "Mzee, size hiyo ninayo, mbili mpya kabisa, bei nzuri." Anatuma picha yake, na kwa kweli pameandikwa 195/80R15. Upana ni ule ule, kimo ni kile kile, rimu ni ile ile. Lakini mbele kidogo, kwa herufi ndogo zaidi, pameandikwa 96S. Hilo ni tairi halali na zuri, na ndilo huvaliwa na gari dogo la Suzuki Jimny. Litaingia kwenye rimu ya matatu bila shida, na fundi hataona tofauti akilifunga. Tofauti itaonekana gari likijaa.

Namba tatu za kwanza

Tuanze na 195. Huu ni upana wa tairi kwa milimita, ukipimwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili likiwa limejazwa upepo, na wala si upana wa sehemu inayokanyaga barabara peke yake. Matairi ya gari yaliyoandikwa kwa mtindo huu karibu yote yana upana unaoishia kwa 5: 155, 165, 175, 185, 195, 205 na kuendelea. Hilo litatusaidia baadaye picha ikiwa haisomeki vizuri, kwa sababu ukidhani umeona 196 au 198, ujue macho yamekudanganya.

Namba ya pili, 80, ndiyo inayowachanganya wengi. Si milimita wala si inchi. Ni asilimia. Inasema kwamba kimo cha ubavu wa tairi, kuanzia ukingo wa rimu hadi juu kwenye meno, ni asilimia 80 ya ule upana. Kwa hiyo hapa kimo ni 195 mara 0.80, yaani milimita 156. Tairi la 195/65 lina upana ule ule lakini ubavu wake ni mfupi, kama milimita 127. Ndiyo maana huwezi kulinganisha namba ya pili ya matairi mawili bila kutazama ya kwanza: 80 ya tairi jembamba inaweza kuwa fupi kuliko 70 ya tairi pana.

Herufi R haisemi habari ya rimu, ingawa wengi hutamka "rimu 15" wakiitazama. R ni ya radiali, yaani namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikikatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Karibu matairi yote ya magari madogo leo ni ya namna hiyo. Kwenye matairi ya bodaboda utaona mara nyingi kistari badala ya R, kama 3.00-17, na hapo upana umeandikwa kwa inchi, si milimita. Mtindo huo ni mwingine na hatutauingia zaidi.

Namba 15 ndiyo kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu yetu ni milimita 381. Namba hii haina mjadala: tairi la 15 halikai kwenye rimu ya 14, na fundi anayejaribu kulilazimisha kwa upepo mwingi anahatarisha maisha yake.

Ukishapata namba hizo tatu unaweza kujua urefu wa tairi zima. Chukua kimo cha ubavu mara mbili, kwa kuwa kuna ubavu juu na ubavu chini, kisha ongeza rimu: 156 na 156 ni 312, ukiongeza 381 unapata milimita 693, karibu sentimita 69. Hesabu hii ndogo ina kazi yake, na tutairudia.

Namba ambayo picha nyingi huikata

Baada ya nafasi kidogo zinakuja 107/105. Hapa ndipo pesa na roho za watu zilipo, na hapa ndipo picha nyingi huishia. Sababu ni rahisi. Ukubwa wa tairi huchongwa kwa herufi kubwa, lakini namba ya mzigo kwenye matairi mengi huchongwa kwa herufi ndogo na hukaa mbali kidogo, kwenye mpindo wa duara. Mpiga picha akisogeza simu karibu ili 195/80R15 isomeke, ile ya mzigo hutoka nje ya picha.

Namba hii si kilo. 107 haimaanishi kilo 107, na pia si asilimia. Ni namba ya orodha, kama namba ya nyumba: unaenda kwenye jedwali la kimataifa na kukuta kilo zake. Mkazi hahitaji jedwali zima. Kwa magari yetu mengi zinatosha hizi: 82 ni kilo 475, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615, 96 ni kilo 710, 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 105 ni kilo 925, 106 ni kilo 950 na 107 ni kilo 975. Tazama jinsi zinavyopanda. Kutoka 96 hadi 107 ni hatua 11 tu, na mtu akizitazama haraka ataona ni kama kitu kimoja. Lakini kwa kilo ni tofauti ya 265 kwa kila tairi.

Kwa nini zimeandikwa mbili, 107 na 105? Ya kwanza ni pale tairi linapofungwa peke yake upande mmoja wa ekseli. Ya pili ni pale yanapofungwa mawili pamoja, pacha, kama nyuma ya malori madogo. Tairi la pacha hupewa mzigo mdogo kidogo kwa sababu mawili hayo hayagawani kazi sawasawa siku zote: moja likipungua upepo, mwenzake hubeba zaidi, na joto la katikati yao halitoki kwa urahisi. Hiace ina tairi moja kila upande nyuma, kwa hiyo tunasoma 107, yaani kilo 975.

Ukiona tairi lina namba moja tu ya mzigo, kama 96 au 91, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba ni tairi la gari la kawaida la abiria. Tairi la kazi huandikwa namba mbili, na mara nyingi kuna alama nyingine inayolithibitisha. Matairi ya mtindo wa Japani huweka LT mwishoni. Yale ya mtindo wa Ulaya huweka C baada ya rimu, kama 195R15C. Mengine huongeza 8PR, maana yake nguvu yake ni sawa na ya tairi la zamani la nyuzi za tabaka nane, hata kama ndani hakuna tabaka nane.

Hesabu ya matatu iliyojaa

Turudi kwa yule mwenye matatu na matairi yake mawili mapya ya 96S. Tuchukue kwamba gari likijaa abiria na mizigo yao, ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,600. Hii ni namba ya mfano, kwa sababu uzito halisi unategemea viti, keria na jinsi mizigo ilivyopangwa. Anayetaka kuujua wa gari lake anaweza kulipima kwenye mizani likiwa limejaa, ekseli moja moja.

Kilo 1,600 zikigawanywa kwa matairi mawili ni kilo 800 kila moja. Tairi la 107 linaruhusiwa kubeba 975, kwa hiyo lina nafasi ya kilo 175 juu ya mzigo huo. Nafasi hiyo si anasa. Gari likipiga kona upande mmoja hulemewa, likipita shimo mzigo hugonga kwa ghafla, na abiria wawili wa ziada wakiingizwa njiani inapungua zaidi. Tairi la 96 linaruhusiwa kubeba 710. Kabla gari halijaondoka stendi tayari limezidiwa kwa kilo 90 kila upande, na halijafika kwenye shimo lolote.

Mtu atasema tairi halikupasuka siku hiyo, wala siku ya pili. Ni kweli. Tairi lililozidiwa halipasuki papo hapo. Kila linapozunguka, ubavu wake hukunjika chini na kunyooka tena. Mzigo ukizidi, mkunjo huwa mkubwa, na mpira unaokunjwa mara nyingi kwa nguvu hutoa joto. Joto hilo hulegeza gundi kati ya mpira na nyuzi za chuma zilizo chini ya meno. Kisha, siku moja ya jua kali kwenye lami ndefu, meno hubanduka au ubavu hufunguka, na dereva husema tairi lilipasuka ghafla. Halikuwa ghafla. Lilianza kuharibika wiki kadhaa nyuma.

Kuna dalili unazoweza kuziona mapema. Tairi lililozidiwa mzigo, sawa na lililopungua upepo, huisha pande zote mbili za meno huku katikati pakiwa bado pazuri. Ubavu wake huwa wa moto sana baada ya safari kuliko matairi ya mbele. Ukiona uvimbe ubavuni kama yai, nyuzi za ndani zimekatika hapo, na tairi hilo lisirudi barabarani hata kwa safari moja.

Kuongeza upepo hakuliponyi. Wapo wanaosema, "Fundi, liongezee presha, litabeba." Upepo unaweza kulifikisha tairi kwenye mzigo wake wa juu kabisa, lakini hauwezi kulivusha mpaka huo. Tairi la 96 likijazwa hadi liwe gumu kama jiwe bado ni la kilo 710, na sasa meno yake yanakanyaga barabara katikati tu.

Herufi ya kasi, na mtego wake

Baada ya namba ya mzigo kuna herufi. Kwenye tairi la matatu ni N, kwenye lile la Jimny ni S. Herufi hii inaonyesha kasi ya juu kabisa ambayo tairi linaweza kwenda likiwa na mzigo wake kamili: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, R ni 170, S ni 180, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Utaona H imekaa mahali pa ajabu, baada ya T, badala ya mahali pake kwenye alfabeti. Ndivyo ilivyo tangu zamani, na anayepanga herufi kwa alfabeti peke yake atadhani H ni kasi ndogo.

Mtego uko hapa. Muuzaji anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba S ni bora kuliko N, kwa sababu ni ya kasi zaidi. Kwa kasi, ni kweli. Lakini matatu imefungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na N inayofika 140 inatosha na kubaki. Mwenye matatu anayekubali kupoteza kilo 265 za uwezo wa tairi ili apate kilomita 40 za kasi ambayo gari lake haliruhusiwi kuitumia amefanya biashara mbaya. Kwa gari la kazi, soma mzigo kwanza, kisha herufi. Kwa gari dogo la kwenda Nairobi kwa barabara kuu, soma zote mbili kwa uzito sawa.

Ukiona herufi R mwishoni, kama kwenye 195R15C 106/104R, usiichanganye na R ya radiali iliyo katikati. Ile ya katikati iko kabla ya rimu, ile ya mwisho iko baada ya namba ya mzigo na ni kasi ya 170. Tairi hilo pia lina somo jingine: namba ya kimo haipo. Ukikuta upana na R vimeshikana bila mkwaju, chukulia kimo ni kama asilimia 82, kwa hiyo urefu wake ni karibu sana na wa 195/80. Mzigo wake ni kilo 950. Ni tairi la kazi kweli, lakini liko kilo 25 chini ya 107. Msimamo wetu ni kwamba usishuke chini ya namba iliyo kwenye stika ya gari. Kwa magari mengi utaikuta stika hiyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na ukubwa wa tairi na presha inayotakiwa. Kupanda juu yake hakuna neno.

Picha isipoeleweka

Maandishi ya tairi hayana rangi, husomeka kwa kivuli tu. Ukiwasha taa ya simu na kumulika uso kwa uso, kivuli kinapotea na herufi zinapotea nacho. Futa ubavu kwa kitambaa chenye maji, zima taa ya simu, kisha mwombe mtu amulike tochi kutoka pembeni, karibu sambamba na mpira. Herufi zitainuka. Ikiwa ni mchana na hakuna tochi, paka chaki juu ya maandishi kisha futa kwa kiganja, chaki itabaki kwenye kingo za herufi. Epuka kupiga kwa kamera ya mbele ya simu, kwani baadhi ya simu hugeuza picha kama kioo na mpokeaji huona maandishi yakienda kinyume.

Piga picha tatu, si moja. Ya kwanza ni tairi zima, ukisimama mbele yake moja kwa moja. Ya pili ni ukubwa wake kwa karibu. Ya tatu ni pale ukubwa unapoishia, ukifuata mpindo kuelekea kulia hadi uone namba ya mzigo na herufi yake. Kama ubavu wa nje umekwanguka kwenye kingo za barabara, maandishi hayo kwa kawaida yako pia upande wa ndani.

Hata hivyo picha ikiwa na ukungu, namba zinazobadilishana sura ni zile zile kila mara: 6 na 8, 5 na 6, 3 na 8. Tuseme umepokea picha na huna hakika kama ni 195/80R15 au 195/60R15, na matairi yote mawili yapo sokoni. Hapa ile hesabu ya urefu inakuwa mwamuzi. La 80 lina urefu wa milimita 693. La 60 lina ubavu wa milimita 117, kwa hiyo urefu wake ni 117 na 117 na 381, jumla 615. Rimu ni moja lakini mpira unaoizunguka ni tofauti.

Chukua ile picha ya tairi zima iliyopigwa mbele yake moja kwa moja. Weka rula juu ya skrini ya simu, pima kwa ulalo kutoka ukingo hadi ukingo wa tairi, usipime kwa wima kwa sababu chini tairi limebonyea. Ikuze au ipunguze picha hadi tairi liwe sentimita 5 kamili, kisha pima chuma peke yake, kutoka mahali mpira unapoanza upande mmoja hadi upande wa pili. Kumbuka ukingo wa chuma unaoonekana umezidi kidogo ile inchi 15, kwa kuwa inchi hizo hupimwa ndani, mahali tairi linapokalia. Kwa tairi la 80 utapata chuma cha kama sentimita 3. Kwa la 60 utapata kama sentimita 3.4. Tofauti ya milimita 4 inaonekana wazi kwenye rula. Lakini picha ikiwa imepigwa kwa mshazari, kipimo hiki hakifai kitu, omba nyingine.

Namba ya mzigo nayo ina njia yake ya kuhakikishwa. Kwenye matairi mengi, chini karibu na rimu, kuna mstari wa herufi ndogo sana unaoanza na MAX LOAD, ukifuatwa na kilo na presha. Kwenye tairi la kazi utaona SINGLE na DUAL, yaani peke yake na pacha. Ikiwa umesoma 107 na mstari huo unasema kilo 975, umesoma sawa. Ikiwa unasema 710, ulichodhani ni 107 sicho. Presha iliyoandikwa hapo ni ya kubeba mzigo wa juu kabisa wa tairi lenyewe, wala si agizo la kujaza gari lako kila siku. Kwa hilo rudi kwenye stika ya mlango.

Kuna namba nyingine ubavuni ambazo hazina uhusiano na ukubwa na huwapotosha wanaosoma haraka. Neno TREADWEAR hufuatwa na namba kama 300 au 400, inayohusu tairi linavyochakaa. Neno DOT hufuatwa na mfuatano wa herufi na namba za kiwanda, na tarakimu nne za mwisho ni tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarehe hiyo mara nyingi imechongwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ukikuta DOT isiyo na tarakimu nne mwishoni, tazama ubavu wa pili. Kwa anayenunua kwa picha, hii ni picha ya nne inayofaa kuombwa, maana tairi linaweza kuwa halijawahi kukanyaga barabara na bado liwe limekaa dukani miaka mingi.

Ujumbe wa kumwandikia muuzaji

Picha peke yake humwachia muuzaji kazi ya kukisia. Andika maneno pamoja nayo, ukinakili kutoka kwenye stika ya mlango na si kutoka kwenye tairi kuukuu, kwa sababu aliyekuuzia gari huenda alifunga matairi yasiyo yake na wewe sasa unayafuata. Kwa matatu ya mfano wetu ujumbe ungekuwa hivi:

"Nahitaji mbili za nyuma, 195/80R15, mzigo usiwe chini ya 107/105, kasi N au zaidi, za LT. Tafadhali nitumie picha ya namba ya mzigo na ya tarehe kabla sijatuma pesa."

Muuzaji akijibu kwa picha inayoishia R15, mwombe tena ile iliyobaki. Tairi likifika, lisome mwenyewe kabla fundi hajalipandisha kwenye rimu, kwa kuwa wauzaji wengi hawarudishi tairi lililokwisha kufungwa.